Kreatini, Matarajio na Namna ya Kuujaribu Mwili Wako kwa Haki

(Hotuba iliyotolewa Tanga mjini mbele ya makocha na wanamazoezi, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu makocha, dada zangu na kaka zangu mnaonyanyua vyuma, asalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nimeombwa kuzungumzia kreatini, ule unga wa mkebe ambao wanamazoezi huunywa ili kuongeza nguvu, na katika mengi yanayoweza kusemwa nimechagua swali moja. Mtu anapokwambia kwamba ameitumia kreatini na ameiona kazi yake, ameona nini hasa? Siulizi kama anasema kweli, kwa sababu watu wengi wanaosema hivyo ni waaminifu kabisa. Ninauliza kama alichokiona kimetoka kwenye ule unga, au kimetoka kwenye mazoezi, au kimetoka kwenye matumaini aliyokuwa nayo siku alipoufungua mkebe. Mambo hayo matatu huja pamoja, mwili huyahisi kama jambo moja, na asiyechukua hatua za makusudi za kuyatenganisha hawezi kuyatenganisha kwa kujichunguza tu.

Nianze na kile ambacho kreatini inakifanya kweli, maana siji hapa kusema kwamba haifanyi kazi. Ini na figo zetu hutengeneza kreatini kiasi cha gramu moja hivi kwa siku, na kiasi kingine tunakipata kwenye nyama na samaki. Sehemu kubwa, takriban asilimia 95, huhifadhiwa kwenye misuli, na sehemu ya akiba hiyo hushikana na fosfati na kuwa tayari kurudisha nishati haraka pale msuli unapofanya kazi kali ya muda mfupi: kunyanyua uzito mkubwa, kukimbia kasi ya sekunde chache, kuruka, halafu kurudia tena baada ya kupumzika kidogo. Mwaka 1992 Harris, Söderlund na Hultman walionyesha kwamba mtu akinywa kreatini kwa wingi akiba ya misuli yake huongezeka, na mwaka 1996 Hultman na wenzake wakaonyesha kwamba kuna njia mbili za kuijaza. Ya kwanza ni gramu 20 kwa siku kwa siku sita hivi. Ya pili ni gramu 3 kwa siku, ambazo hufika mahali pale pale lakini baada ya takriban siku 28.

Naomba tukae kidogo na hizo siku 28, kwa sababu ndani yake mna kipimo cha kwanza cha uaminifu. Mwili wa mtu mzima wa kilo 70 una kreatini ya jumla ya gramu 120 hivi. Kijiko kimoja cha chai chenye gramu 3 au 5, ambacho sehemu yake itatoka na mkojo, hakiwezi kubadilisha akiba hiyo kwa kiasi cha kuhisiwa katika saa moja au mbili. Kwa hiyo kijana anayekunywa kijiko chake cha kwanza saa kumi alasiri, akaingia jimu saa kumi na moja, kisha akatoka akisema chuma leo kilikuwa chepesi, ametueleza habari za kweli kuhusu jioni yake, lakini hajatueleza lolote kuhusu kreatini. Dawa ilikuwa haijafika mahali pa kazi. Kilichofika mapema ni imani yake.

Kuna watakaoniambia kwamba walihisi kitu kikali zaidi ya imani: ngozi ilichonyota, moyo ulipiga mbio, usingizi ulipaa. Hao ninawaamini, ila ninawaomba wausome mkebe upya. Unga mwingi unaouzwa kwa ajili ya kunywa kabla ya mazoezi huchanganya kreatini na kafeini pamoja na beta-alanini. Kuchonyota kwa ngozi ni kazi ya beta-alanini, na moyo kwenda mbio ni kazi ya kafeini, kitu ambacho kweli hufanya kazi ndani ya saa moja. Kreatini imeingizwa humo na ikapewa sifa za jirani zake. Anayetaka kuijaribu kreatini sharti aanze na mkebe ulioandikwa kreatini monohidrati peke yake.

Sasa hiyo imani tunayoitaja ina nguvu kiasi gani? Mwaka 1972 Ariel na Saville waliwaambia wanyanyua vyuma wachache kwamba watapewa dawa ya kujenga misuli ya jamii ya steroidi, kisha wakawapa vidonge visivyo na dawa yoyote, yaani plasebo. Nguvu zao ziliongezeka kwa kasi kubwa kuliko ilivyokuwa katika kipindi cha kabla ya vidonge. Mwaka 2006 Beedie na wenzake walifanya jambo la makini zaidi kwa waendesha baiskeli wazoefu, katika mbio za kupimwa za kilomita 10. Waliambiwa kwamba siku moja watapewa plasebo, siku nyingine kafeini ya wastani, na siku nyingine kafeini nyingi. Ukweli ni kwamba siku zote walipewa plasebo. Siku walipodhani hawana kitu, nguvu waliyoitoa ilishuka kwa asilimia 1.4 chini ya kawaida yao. Walipodhani wana kafeini ya wastani ilipanda kwa asilimia 1.3, na walipodhani wamepewa nyingi ilipanda kwa asilimia 3.1.

Tuutazame mpangilio huo kwa utulivu. Imani ilifuata kipimo kama dawa ya kweli inavyokifuata: kidogo kikaleta kidogo, kingi kikaleta kingi. Tena kuamini kwamba umenyimwa nako kulikuwa na gharama yake. Hiyo ndiyo sababu hoja ya kusema "nilipoongeza kipimo nikaona tofauti, na nilipoacha nikarudi nyuma" haitoshi kuthibitisha kitu. Matarajio nayo hupanda ukiongeza kipimo na kushuka ukiacha.

Msuli wenyewe haukubadilika kwa waendesha baiskeli wale. Kilichobadilika huenda ni kiasi cha maumivu ambacho mtu alikuwa tayari kukivumilia kabla ya kusema basi. Seti inayofika mwisho haimaliziki kwa sababu msuli umekauka kabisa. Mara nyingi inamalizika kwa sababu akili imeamua kwamba imetosha, na uamuzi huo husogezwa mbele na tumaini. Kwa kreatini kuna njia nyingine tena, iliyo ndefu zaidi. Mtu aliyetoa fedha yake kununua mkebe hafanyi mazoezi kama alivyokuwa akifanya jana. Hakosi siku, analala mapema, anakula vizuri, anaongeza chuma kwa ujasiri. Baada ya wiki nane misuli yake imekua kweli, inaonekana kwenye kioo na kwenye tepu ya fundi cherehani, na hakuna wa kumwambia kwamba amejidanganya. Hajajidanganya kuhusu misuli. Anachoweza kukosea ni kuhusu kilichoileta.

Kuna takwimu moja ambayo ningependa kila kocha aliyeko hapa aishike. Mwaka 2003 Rawson na Volek walikusanya tafiti 22 zilizowalinganisha watu waliofanya mazoezi ya vyuma wakitumia kreatini na watu waliofanya mazoezi hayo hayo wakitumia plasebo. Kwa wastani, waliotumia kreatini waliongeza nguvu kwa asilimia 20. Waliotumia plasebo waliongeza kwa asilimia 12. Kwa hiyo kreatini ilikuwa na mchango wake, na mchango huo ni zile asilimia 8 za juu. Lakini mtu mmoja mmoja aliyemo kwenye kundi la kreatini haoni 8 zake peke yake; anaona 20 zote, na zote anaupa mkebe. Vilevile tusiruke upande wa pili na kudai kwamba zile 12 za wenzake ni kazi ya imani tupu. Ndani yake mna mazoezi, mna kuzoea kipimo chenyewe, na mna matarajio. Ili kujua imani peke yake ilileta ngapi, ingehitajika kuwa na kundi la tatu lisilopewa kitu chochote.

Hizo ni wastani za makundi. Swali la mtu aliyekaa kwenye kiti chake hapa ni jingine: mimi je? Ni swali la haki, kwa sababu watu hawaitikii kreatini kwa kiwango sawa. Misuli ina kikomo cha akiba, na mtungi uliokaribia kujaa hupokea kidogo. Wasiokula nyama wala samaki huanza na akiba ndogo, na kwa kawaida huongezeka zaidi. Sisi wa pwani hii, ambao changu na dagaa hawaondoki mezani, huenda wengi wetu tunaanza na akiba nzuri kuliko watu wa mahali pengine, maana samaki mbichi ana kreatini ya gramu 3 hadi 5 hivi kwa kilo. Syrotuik na Bell walipowapima vijana 11 mwaka 2004, walikuta watatu walioitikia vizuri, watano walioitikia nusunusu na watatu ambao akiba yao karibu haikusogea. Wale watatu wa mwisho, kama wangekuwa wanajisikiliza tu, yawezekana sana wangesema kwamba wameiona kazi yake.

Sasa nije kwenye kujijaribu. Kanuni yenyewe ni moja: kwa muda fulani unywe kreatini, kwa muda mwingine unywe unga mtupu unaofanana nao, na wewe mwenyewe usijue ni lini unakunywa kipi mpaka vipimo vyote viwe vimeandikwa. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na hapo nitakaa kwa muda.

Anza na msaidizi. Mganga hajigangi, na katika jambo hili anayejaribiwa hawezi kuwa mwenye kutunza siri. Mtafute mtu mwaminifu asiyefanya mazoezi na wewe: mke au mume, dada, jirani mwenye mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu. Yeye ndiye atakayerusha shilingi kuamua kipi kianze, ataandika jibu kwenye karatasi, ataifunga ndani ya bahasha, na atakupimia pakiti zako za kila siku. Ni vizuri zaidi asiwepo jimu wakati wa vipimo, kwa sababu uso wa anayejua huvujisha siri bila yeye kukusudia. Kocha anayehesabu marudio yako naye asijue.

Pakiti za kreatini ziwe na gramu 5 za kreatini na gramu 5 za glukosi ya dukani. Pakiti za unga mtupu ziwe na gramu 10 za glukosi peke yake. Kreatini haina ladha ya kutajika, lakini ina ukakasi wa mchanga laini na haiyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi: lita moja ya maji ya nyuzi 20 huyeyusha gramu 14 hivi, kwa hiyo sehemu ya gramu 5 kwenye glasi moja itabaki chini na siri itakuwa imefichuka siku ya kwanza. Weka kila pakiti kwenye kikombe kikubwa cha uji wa ulezi ulio vuguvugu, wenye sukari na tangawizi ya kutosha. Uvuguvugu husaidia kuyeyusha, ulezi wenyewe una chembechembe, na tangawizi hufunika kilichobaki. Kunywa hapo hapo, usiuweke mpaka kesho, maana kreatini ikikaa kwenye kimiminika huanza kugeuka kreatinini isiyokufaa.

Kabla ya kuanza, msaidizi aujaribu usiri wenyewe. Akupe vikombe vinane kwa siku tofauti, vinne vya aina hii na vinne vya aina ile kwa mpangilio usioujua, nawe useme kila kimoja ni kipi. Ukipatia vinne au vitano umebahatisha, na uji wako unafaa. Ukipatia saba au vyote vinane, ongeza tangawizi na urudie, kwa sababu jaribio ambalo mjaribiwa anakijua kikombe chake ni hadithi ile ile ya mwanzo iliyorefushwa. Vikombe hivyo vimalizwe mapema, wiki nne au zaidi kabla ya vipimo vya msingi, yaani vile utakavyovifanya kabla ya pakiti za kwanza, ili kreatini kidogo iliyoingia iwe imetoka.

Kuna mvujishaji mwingine wa siri ambaye watu humsahau, naye ni mizani ya uzito. Kreatini huvuta maji kwenye misuli, na anayekunywa gramu 20 kwa siku anaweza kuongezeka kilo moja au mbili ndani ya wiki. Huyo hana haja ya kufungua bahasha. Hiyo ndiyo sababu nashauri gramu 5 za kila siku bila wiki ya kujaza haraka, ili ongezeko lije polepole, na kwamba usipande mizani wala usijipime mkono kwa tepu kwa muda wote wa jaribio. Nikiwa hapo niseme pia kwamba maji hayo huhesabiwa na mashine za kupima mwili kama mwili usio na mafuta, na wengi huyaita misuli. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales uliochapishwa mwaka 2025 uliliona hilo vizuri: katika wiki ya kwanza waliotumia kreatini walionekana kuzidi kwa nusu kilo hivi ya mwili usio na mafuta, lakini baada ya wiki 12 za mazoezi makundi yote mawili yaliongeza kiasi kile kile.

Kipimo chako kiwe kimoja, kiandikwe mapema, na kiwe cha aina ambayo kreatini inaweza kuigusa. Kukimbia kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi si kipimo kinachofaa, kwa kuwa kreatini si dawa ya mwendo mrefu. Chagua chuma cha uzito usiobadilika, tuseme skwati ya kilo 70, seti tatu mpaka usiweze tena, dakika mbili kamili za mapumziko kati ya seti na seti, kisha hesabu jumla ya marudio. Saa iwe ile ile, siku za wiki ziwe zile zile, kina cha kushuka kiwe kile kile, na mhesabuji asikutajie idadi. Fanya kipimo hicho mara kadhaa katika wiki za kabla ya jaribio ili ukizoee, na matokeo ya siku hizo za kuzoea usiyatumie.

Ratiba ninayoipendekeza ni ya wiki 18: wiki sita za pakiti za kwanza, wiki sita za kupumzika bila kitu, na wiki sita za pakiti za pili. Katika kila kipindi yanayohesabiwa ni matokeo ya wiki mbili za mwisho tu, kwa kuwa wiki nne za mwanzo ni za kujaza. Mapumziko hayawezi kufupishwa: akiba ya msuli huchukua wiki nne hadi sita kurudi ilipokuwa, na anayebadilisha pakiti baada ya wiki moja anakunywa unga mtupu huku misuli yake bado imejaa kreatini. Panga wiki hizo zisiguse mwezi wa Ramadhani, kwa sababu kula, kulala na kunywa maji hubadilika vyote kwa pamoja, na kama unaweza usianzie kipindi kimoja kwenye joto la kaskazi na kumalizia kingine kwenye ubaridi wa kusi.

Tumchukue sasa kijana mmoja wa mfano, wa kubuni, tumweke Ngamiani, na tumpe takwimu ili tuone hesabu inavyokwenda. Baada ya kukizoea kipimo, siku zake sita za msingi zilitoa marudio 38, 41, 37, 40, 42 na 39. Wastani ni 39.5, na jambo muhimu kuliko wastani ni kwamba bila kitu chochote kubadilika, siku mbaya na siku nzuri zake zilitofautiana kwa marudio matano. Huo ndio mtikisiko wake wa kawaida. Kipindi cha kwanza kilimpa 43, 45, 42 na 46, wastani 44. Akaulizwa anadhani amekunywa nini. Akaandika "kreatini" na kusema ana hakika, kwa kuwa alihisi misuli imejaa na chuma kimekuwa chepesi. Mwisho wa mapumziko alipimwa 45, 44, 46 na 45, wastani 45. Kipindi cha pili kikampa 47, 45, 48 na 46, wastani 46.5, mara hii aliandika "unga mtupu".

Bahasha ikafunguliwa, na ikawa kinyume. Kipindi cha kwanza kilikuwa glukosi, cha pili ndicho kreatini. Ongezeko lake kubwa, lile la kutoka 39.5 hadi 44 ambalo lilimpa hakika, lilikuja bila kreatini. Hapo wengi wangetamani kumaliza kwa kusema kwamba hata hivyo kreatini imeshinda, 46.5 dhidi ya 44. Bado ni mapema mno kusema hivyo. Kati ya kipindi cha kwanza na mapumziko, bila unga wowote, alikuwa ameshapanda rudio moja kwa mazoezi tu. Akiendelea kwa mwendo huo, kipindi cha pili kingempa 46 hata kwa uji mtupu. Kilichobaki cha kupewa kreatini ni nusu ya rudio, kwa mtu ambaye siku zake za kawaida hutikisika kwa marudio matano. Hata kipimo cha mapumziko kina doa lake, kwa kuwa wakati huo alijua kwamba hanywi kitu, nasi tumeona kwamba kujua hivyo nako hupunguza. Jibu la haki kwa kijana huyu ni kwamba jaribio lake halijampa jibu, na afadhali hilo kuliko jibu la uongo. Arudie wiki 18 nyingine, shilingi ikirushwa upya.

Mfano huo unatuonyesha pia nani asijisumbue kujijaribu kwa njia hii. Mtu aliye katika miezi sita ya mwanzo ya kunyanyua vyuma anapanda haraka kwa sababu ya ugeni wake, na mpando huo utameza tofauti yoyote ndogo. Jaribio linamfaa aliyekwisha kupunguza kasi ya kukua, ambaye nguvu zake za mwezi huu zinakaribiana na za mwezi uliopita.

Vikundi vyetu vina nafasi nzuri kuliko mtu mmoja. Wakipatikana wanane waliozoea vyuma, msaidizi apange kwa bahati wanne waanze na kreatini na wanne waanze na unga mtupu. Kisha kwa kila mmoja toa wastani wa unga mtupu kwenye wastani wa kreatini. Mpando wa mazoezi utaipendelea kreatini kwa wale walioinywa mwisho na utaidhulumu kwa wale walioinywa mwanzo, hivyo kwa jumla utajifuta. Kama kreatini haifanyi lolote, uwezekano wa watu saba au wote wanane kuelekea upande wake kwa bahati ni 9 katika 256, yaani chini ya asilimia 4. Jibu hilo litakuwa la kikundi, si la mtu aliyemo. Halitamwambia mmoja wenu kama yeye ni miongoni mwa wasioitikia.

Daftari la kila mmoja liwe na safu nyingine mbili. Ya kwanza ni ya kubashiri: kila mwisho wa kipindi andika unadhani ulikunywa kipi, na ni kwa nini. Mkifungua bahasha, pangeni matokeo mara mbili, kwanza kwa kilichonywewa kweli, kisha kwa kilichodhaniwa. Kama marudio yanafuata dhana kuliko yanavyofuata pakiti, mmeipima imani yenu. Kama karibu wote mmebashiri kwa usahihi, usiri ulivunjika mahali, na matokeo yasomwe kwa tahadhari. Safu ya pili ni ya malalamiko: tumbo kuvurugika, misuli kukaza, kichwa kuuma, nywele kudondoka. Matarajio mabaya hufanya kazi kama mazuri, na mtu aliyesikia jimu kwamba kreatini inakazisha misuli ataihesabu kila mishipa inayomkaza usiku. Malalamiko yanayojitokeza kwa kiasi kile kile kwenye wiki za glukosi hayawezi kubebeshwa kreatini. Tumbo kuvurugika kwa gramu 20 za siku moja, hata hivyo, ni jambo linalojulikana, na ni sababu nyingine ya kubaki kwenye gramu 5.

Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari asiingie kwenye jaribio hili bila kuzungumza na daktari wake, na walio chini ya miaka 18 tusiwashirikishe. Yeyote atakayepimwa damu katika kipindi hicho amweleze daktari kwamba huenda anakunywa kreatini, kwa sababu kreatinini ya damu, ambayo madaktari huitumia kupima figo, inaweza kupanda kidogo bila figo kuwa na tatizo. Msaidizi abaki na nakala ya bahasha mahali panapofikika, ili daktari akihitaji jibu alipate siku hiyo hiyo.

Kwa makocha mtakaotaka kuanza, nashauri tuanze wiki ya pili baada ya Idi el Fitri: tutoe wiki sita za kujaribu uji na kukizoea kipimo, wiki mbili za kupata namba za msingi, halafu wiki 18 zenyewe. Tutakuwa tumemaliza miezi kadhaa kabla ya Ramadhani inayofuata. Daftari ziletwe zikiwa na ubashiri ulioandikwa kwa kalamu ya wino, na bahasha zifunguliwe mbele ya wote baada ya namba ya mwisho ya mtu wa mwisho kuingizwa, si kabla.